Gumzo la wiki nzima na wakala wa forodha liwe orodha moja ya hati

Swali: "Habari mtaalamu. Nimeagiza kontena moja la inverta na betri za sola, na meli iko njiani. Wakala wangu wa forodha kila siku ananiandikia 'hiki bado, kile hakisomeki'. Nikimsukuma muuzaji anasema alishatuma. Gumzo limekuwa refu hata sijui kipi kimekamilika. Nitalipangaje liwe orodha moja ya hati zinazotakiwa, ambayo sote watatu tutaifuata?"

Jibu:

Dada yangu, nimesoma gumzo ulilonitumia. Nitalitumia hilohilo kama mfano, majina nimeyaondoa. Kiini chake ni hiki:

Jumatatu. Wakala: Dada, BL bado. Na pakingi haisomeki.
Wewe: BL si nilikutumia wiki jana?
Wakala: Ile ni drafti. Nataka orijino au teleksi.
Jumanne. Wakala: Invoisi ni ya FOB, nitumie ya nauli. Na hii "seti 60" ndiyo nini?
Wewe: Nauli si imo humo humo?
Wakala: Haimo dada. Halafu COC vipi? Na CO. Na fumigesheni.
Jumatano. Wakala: Jina kwenye drafti ya BL limekatwa.
Alhamisi. Wakala: MSDS ya betri. Meli inafika wiki ijayo na hati zote bado.

Kishawishi cha kwanza ni kunakili kila alichoomba na kukiwekea namba, moja hadi kumi. Usifanye hivyo. Utapata orodha ya meseji, na wewe unataka orodha ya hati. Meseji tatu zinaweza kuhusu hati moja, kama hapa ambapo "BL bado", "ile ni drafti" na "jina limekatwa" zote ni habari za hati ya shehena, ndiyo hiyo BL. Meseji moja nayo inaweza kubeba hati tatu, kama ile ya Jumanne. Kwa hiyo pitia gumzo lote mara moja, na kwa kila hati andika mstari mmoja tu. Kila kilichosemwa kuihusu, hata kama kilisemwa siku nne tofauti, kiingie kwenye mstari huohuo.

Ukishafanya hivyo utaona kwamba neno "bado" limebeba mambo yasiyofanana. Hati ya shehena haijapotea: ipo, lakini ni rasimu, na ina kosa la jina. Orodha ya vifurushi ipo pia, ila picha yake ni mbovu. Ankara ya nauli ipo kwa kampuni iliyokukodia nafasi melini, na hakuna aliyeiomba. Cheti cha ukidhi wa viwango, hiyo COC, huenda hakijatolewa kabisa. Kila hali ina dawa yake na mtu wake. Ukiziita zote "bado" na kumpelekea muuzaji, atatafuta kwenye barua pepe alizotuma, ataona ameshatuma faili, na atakujibu kweli kabisa kwamba alishatuma. Hapo ndipo mlipokwama ninyi watatu, na wala hakuna anayedanganya.

Basi kwenye kila mstari, baada ya jina la hati, andika anayeitoa, kasoro iliyopo kwa maneno kamili, anayetakiwa kuirekebisha, na ni nani hasa anayeidai upande wa kufikia: forodha, shirika la meli, mamlaka ya viwango au nyingine. Hilo la mwisho wengi huliruka, nami nalisisitiza, kwa sababu litakusaidia kufuta baadhi ya mistari kabisa. Nitalirudia nikifika kwenye fumigesheni, yaani cheti cha kufukiza mzigo dhidi ya wadudu.

Sasa tuje kwenye mpangilio. Watu hupanga kwa alfabeti au kwa tarehe ya kuombwa. Mimi nakuomba upange kwa kufuata hati ipi inanukuliwa na nyingine. Ankara ya biashara ndiyo mama. Namba yake na tarehe yake huandikwa kwenye cheti cha ukidhi, mara nyingi kwenye cheti cha asili, na hata kwenye hati ya bima. Maelezo ya bidhaa yaliyomo ndiyo yanayohamia kwenye orodha ya vifurushi. Ukiirekebisha ankara mwisho, baada ya vyeti vingine kutoka, umeviharibu vyote kwa mkupuo: namba hazifanani tena, na afisa wa forodha anayelinganisha karatasi ana haki ya kuuliza kama ni mzigo uleule.

Na ankara yako ina tatizo. Imeandikwa "mifumo ya sola, seti 60" na jumla ya bei. Wakala alipouliza "ndiyo nini?" hakuwa anakusumbua. Hawezi kujaza tamko la forodha kwa maelezo hayo. Inverta na betri ya lithiamu ni vitu viwili katika HS, mfumo wa kuainisha bidhaa kwa namba unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani: inverta huingia kwenye 8504.40 na betri ya lithiamu-ioni kwenye 8507.60. Tarakimu sita hizo ni zilezile kwa nchi zote zinazotumia mfumo huo. Zinazofuata baada ya hapo kila nchi huongeza zake, pamoja na viwango vyake vya ushuru. Kwa hiyo ankara inatakiwa itenganishe: inverta 60, modeli gani, bei ya moja, betri 120, modeli gani, uwezo gani, bei ya moja. Jumla ibaki ileile uliyolipa.

Mwambie muuzaji arekebishe ankara kwa namba na tarehe ileile, akiandika juu yake kwamba ni toleo lililorekebishwa. Akitoa namba mpya, aviangalie kwanza vyeti vilivyokwishaombwa kwa namba ya zamani. Huo ndio mstari wa kwanza wa orodha yako, ingawa kwenye gumzo umetajwa kwa nusu sentensi tu.

Mstari wa pili ni orodha ya vifurushi. Usiombe "nzuri zaidi". Omba faili yenyewe ya PDF, siyo picha ya skrini, na iwe imetenganisha inverta na betri kama ankara mpya. Ukiipata, kabla hujamtumia wakala, weka karibu na rasimu ya hati ya shehena na ulinganishe vitu viwili. Cha kwanza ni uzito wa jumla. Kwenye picha uliyonitumia nimesoma kwa shida kilo 8,640, ilhali rasimu ya hati ya shehena inasema 8,460. Tofauti ni 180, na 180 hugawanyika kwa 9 bila baki. Tarakimu mbili za jirani zikibadilishana nafasi, tofauti huwa hivyo siku zote, kwa hiyo nashuku kuna aliyeandika 4 na 6 kinyume. Muulize muuzaji uzito halisi uliopimwa kontena lilipofungwa. Upande uliokosea ndio urekebishwe. Usikubali arekebishe popote ili mradi zifanane.

Cha pili ni namba ya kontena. Ina herufi nne na tarakimu saba, na tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi: hukokotolewa kutokana na herufi nne na tarakimu sita zilizotangulia, kwa kanuni ya ISO 6346. Namba CSQU3054383, inayotumika sana kufundishia, ni sahihi. Mtu akiandika CSQU3504383, hesabu inadai tarakimu ya mwisho iwe 8, nayo ni 3, hivyo kosa linajulikana hata kabla hujaona kontena. Huna haja ya kukokotoa kwa mkono. Mfumo wa shirika la meli wa kufuatilia kontena kwa kawaida utaikataa namba kama hiyo. Iingize humo kila inapoonekana kwenye karatasi mpya.

Mstari wa tatu ni hati ya shehena, na hapa pana mambo mawili ambayo lazima yaende kwa zamu. Kwanza jina. Kwenye rasimu jina la kampuni yako limeishia katikati, neno la mwisho halimo. Kwako linaonekana dogo, lakini shirika la meli hutoa mzigo kwa mpokeaji aliyeandikwa, na tamko la forodha linatolewa kwa jina lililosajiliwa. Muuzaji aombe marekebisho sasa, mzigo ukiwa baharini, maana meli ikishafika na manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, kuwasilishwa forodha, marekebisho huhitaji idhini ya forodha na kwa kawaida yana ada. Mpe jina lako kwa kunakili kutoka kwenye cheti chako cha usajili, herufi kwa herufi, pamoja na namba yako ya mlipakodi. Aombe na uzito usahihishwe hapohapo kama ndio uliokosewa, ili shirika la meli lisifungue jalada mara mbili.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye "orijino au teleksi". Hati ya shehena kwa desturi hutolewa nakala halisi tatu, na moja ikishatumika kuchukulia mzigo, zilizobaki hazina nguvu. Muuzaji anaweza kukutumia hizo halisi kwa kampuni ya usafirishaji wa nyaraka, au anaweza kuzirudisha zote kwa shirika la meli kule kwake, nalo likatuma agizo kwa ofisi yake ya huku kwamba mzigo uachiliwe bila karatasi halisi. Hilo ndilo linaloitwa teleksi, ingawa siku hizi ni ujumbe wa kawaida wa kompyuta. Kwa meli inayofika wiki ijayo, teleksi ndiyo njia yako. Ila isitangulie marekebisho ya jina. Shirika la meli likishapewa hati zote na kuachilia mzigo kwa jina lenye kosa, kulirekebisha kunakuwa kazi nyingine kabisa.

Hapo nikuulize jambo ambalo halimo kwenye gumzo na wakala: umemaliza kumlipa muuzaji? Wauzaji wengi hushikilia hati ya shehena hadi salio liingie, na wana haki hiyo, kwa sababu karatasi ile ndiyo dhamana yao. Kama salio bado, basi mstari huu haukwami kwa muuzaji, unakwama kwako. Uandike hivyo hivyo kwenye orodha, hata kama wakala ataona. Ni afadhali ajue kuliko kumwandikia "namfuatilia muuzaji" kila asubuhi.

Cheti cha ukidhi wa viwango nakipa mstari wa nne, kwa sababu ndicho chenye dirisha la muda linalofungwa. Ukaguzi wake hufanyika kabla kontena halijapakiwa. Muulize muuzaji swali moja: ukaguzi ulifanyika? Kama ulifanyika, cheti huenda kinasubiri ankara ya mwisho, kwani kampuni ya ukaguzi huandika namba yake humo. Basi mstari wa kwanza ukikamilika, huu nao unasogea. Kama haukufanyika, usiendelee kukiomba, maana cheti cha ukaguzi wa kabla ya safari hakiwezi kutolewa kwa mzigo ulio baharini. Badilisha mstari usomeke: "Wakala aulize mamlaka ya viwango utaratibu wa kukagua mzigo ukifika, gharama zake na muda wake." Akikuletea mtu cheti cha kabla ya safari kilichopatikana sasa hivi, usikipokee. Tarehe ya ukaguzi itagongana na tarehe ya kupakia iliyo kwenye hati ya shehena, na hapo suala linakuwa la kughushi.

Cheti cha asili ya bidhaa, CO, kina nafuu zaidi. Hutolewa na chemba ya biashara au mamlaka iliyoidhinishwa kule mzigo ulikotoka, na mikataba mingi ya upendeleo wa ushuru inaruhusu kitolewe hata baada ya meli kuondoka, mradi kiandikwe kwamba kimetolewa baadaye. Swali la kumuuliza wakala ni kama anakitaka kwa ajili ya punguzo la ushuru chini ya mkataba fulani, au kama uthibitisho wa kawaida tu. Vyeti hivyo viwili havitumii fomu moja, na muuzaji asipoambiwa ataleta kile chepesi.

Ankara ya nauli na hati ya bima zinakwenda pamoja. Ulinunua kwa FOB, maana yake bei ya muuzaji inaishia mzigo ukishapanda melini. Nauli umelipa wewe, na muuzaji hana wajibu wa kukukatia bima. Ukiwa chini ya CIF au CIP tu, ambamo bei ya muuzaji hubeba nauli na bima, ndipo Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za masharti ya mauzo, zinamlazimisha. Nchi nyingi hukokotoa ushuru juu ya thamani iliyojumlisha nauli na bima hadi bandari ya kufikia, na ndiyo sababu wakala anazitafuta. Nauli iombe kwa kampuni iliyokukodia nafasi, siyo kwa muuzaji. Kama hukukata bima, mwambie wakala wazi, ajue utaratibu wa forodha ya kwenu kwa mzigo usio na bima. Usimtume muuzaji atunge karatasi.

Kwa betri, wakala ameomba MSDS. Ni karatasi ya taarifa za usalama, siku hizi huitwa SDS, na ina vipengele 16. Kinachotazamwa kwa usafiri ni cha 14. Betri za lithiamu-ioni zikisafiri peke yake zina namba UN3480, zikifungashwa pamoja na kifaa au ndani yake ni UN3481. Angalia kipengele hicho kinafanana na tamko la mizigo hatari ambalo muuzaji aliliwasilisha kwa shirika la meli. Mwombe pia muhtasari wa majaribio ya UN38.3, yaani majaribio ya usalama wa betri za lithiamu safarini, kwa modeli hiyohiyo. Tangu tarehe 1 Januari 2020 watengenezaji wanatakiwa wawe nao tayari, kwa hiyo akikuambia utachukua wiki tatu kuandaa, ujue pana tatizo kubwa kuliko karatasi.

Imebaki fumigesheni. Mzigo wako si mazao. Kinachohusika ni mbao za paleti zilizobeba betri. Kwa kanuni ya ISPM 15, uthibitisho wa mbao za kufungashia ni muhuri uliochomwa au kupigwa kwenye mbao zenyewe: alama ya IPPC, herufi mbili za nchi, namba ya mtengenezaji na aina ya matibabu, mfano HT kwa joto. Plaiwudi haihusiki kabisa. Kwa hiyo muulize wakala: cheti hiki anakidai nani? Akijibu kwamba ni desturi ya ofisini kwake tu, badilisha mstari uwe "picha za muhuri wa mbao", na muuzaji atazituma kwa dakika chache kama alipiga picha wakati wa kupakia. Akijibu kwamba mamlaka ya afya ya mimea ya kwenu inakidai kwa maandishi, basi mstari unabaki.

Ikishapangwa, orodha yako itasomeka hivi:

1. Ankara ya biashara. Ipo, haijatenganisha bidhaa. Muuzaji atoe toleo lililorekebishwa, namba na tarehe ileile. Kesho.
2. Orodha ya vifurushi. Ipo, haisomeki, uzito 8,640 uthibitishwe. Muuzaji, pamoja na namba 1.
3. Hati ya shehena. Rasimu, jina pungufu, uzito 8,460. (a) Muuzaji aombe marekebisho. (b) Mimi nilipe salio kama lipo. (c) Muuzaji aombe teleksi. Zamu isibadilike.
4. Cheti cha ukidhi. Haijulikani kama ukaguzi ulifanyika. Muuzaji ajibu leo.
5. Cheti cha asili. Hakijaombwa. Wakala aseme ni cha upendeleo au cha kawaida, kisha muuzaji.
6. Ankara ya nauli. Haijaombwa. Mimi, leo.
7. Bima. Mimi nithibitishe ipo au haipo, leo.
8. SDS na muhtasari wa UN38.3. Haijaombwa. Muuzaji, kesho.
9. Muhuri wa ISPM 15. Wakala aseme anayedai cheti. Muuzaji atume picha.

Mtumie wakala kwanza, kabla ya muuzaji. Mwulize maswali mawili tu: kuna hati inayotakiwa ambayo haimo, na kuna iliyomo ambayo haitakiwi? Kibali cha kuingiza bidhaa, kwa mfano, hakutaja kokote, na sijui kama alinyamaza kwa sababu hakihitajiki au kwa sababu anadhani unacho. Muuzaji mpelekee mistari yake tu, namba zilezile, ili akijibu "namba 4 ukaguzi ulifanyika" usihitaji kutafsiri.

Orodha iwe faili moja yenye tarehe juu, na kila unapoibadilisha badilisha tarehe. Wakala akiandika tena "dada, kuna karatasi nyingine", usikimbilie kwa muuzaji. Mjibu: inaitwaje, inatolewa na nani, anaidai nani? Akishajibu hayo matatu, ipe namba 10. Ada za bandari na malipo ya wakala mwenyewe yasiingie humu, yawekee karatasi yake. Yakichanganywa na hati, siku ya kuchukua kontena hakuna atakayejua kama lililobaki ni cheti au ni pesa.